Mwezi wa kwanza dirishani: mfanyakazi mpya wa ofisi ya zahanati aanzie kwenye fomu zilizorudi

Ndugu waganga wafawidhi, ndugu wamiliki wa zahanati na kliniki, nanyi mnaosimamia mapokezi, dirisha la malipo na dawati la bima, karibuni.

Tuchukue zahanati binafsi ya kawaida hapa Tanzania. Inapokea wagonjwa 40 hadi 60 kwa siku. Wengine wanalipa taslimu au kwa simu, wengine wanakuja na kadi ya NHIF. Kazi za ofisi zimeshikwa na watu watatu: mmoja mapokezi, mmoja kwenye malipo, mmoja anaandaa madai ya bima. Mmoja ameacha kazi na mpya anaingia Jumatatu. Foleni ipo, kwa hiyo mara nyingi mgeni anakalishwa dirishani asubuhi hiyohiyo, anaonyeshwa kompyuta kwa robo saa, na maelezo mengine anaambiwa atayapata akiwa kazini.

Tatizo la njia hii ni kwamba makosa ya mapokezi hayaonekani siku yanapofanyika. Mgonjwa ametibiwa, ameondoka, kila mtu ameridhika. Baada ya wiki kadhaa bima inakata dai kwa sababu namba ya kadi imekosewa tarakimu moja, au mgonjwa anarudi na faili lake halipatikani kwa kuwa lilifunguliwa kwa jina lililoandikwa vingine. Wakati huo mfanyakazi mpya ameshazoea kukosea vilevile mara mia. Ndiyo maana tunashauri mafunzo yaanzie kule karatasi inakoishia, kisha yarudi nyuma hadi dirishani.

Kabla hatujafika huko, yako mambo mawili ya siku ya kwanza ambayo hayasubiri ratiba.

La kwanza ni mgonjwa asiyetakiwa kupanga foleni. Mfanyakazi wa mapokezi si mtabibu, na asijaribu kuwa mtabibu, lakini ndiye mtu wa kwanza kumwona mgonjwa. Kabla ya saa sita mchana ya siku ya kwanza ajue kwa kichwa dalili za hatari kwa mtoto mdogo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hajitambui. Aongeze mtu yeyote anayehema kwa shida, anayetoka damu nyingi, na mjamzito anayetoka damu au anayelalamika kichwa kikali na kuona ukungu. Kwa hao wote anainuka kitini na kumwita muuguzi. Jina na malipo vitafuata. Muuguzi mwenyewe ndiye amfundishe, na wakubaliane ataitwaje: kwa kengele, kwa simu ya ndani, au kwa kumfuata chumbani. Mkimwambia tu "ukiona mgonjwa mahututi tuambie", atasita, maana hajui mahututi ni yupi na anaogopa kukatiza kazi ya daktari.

La pili ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini kumpa mtu sheria asome hakumfundishi la kufanya. Mpeni mambo ya dirishani. Asimuulize mgonjwa anaumwa nini mbele ya foleni. Hilo ataulizwa ndani. Mtu akipiga simu kuuliza kama mke wake amefika kliniki leo, jibu ni kwamba hatutoi taarifa za wagonjwa kwa simu, na jibu ni hilohilo hata kama mke hakufika, maana ukiwa unakataa tu pale alipofika, kukataa kwenyewe kumeshajibu. Asipige picha ukurasa wa rejista na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili kuuliza mwandiko. Kwenye mfumo aingie kwa jina lake na nywila yake kuanzia siku ya kwanza. Akitumia ya mwenzake kwa wiki mbili "wakati yake inatengenezwa", hamtaweza kujua nani aliandika nini, na mafunzo yote yanayofuata yanategemea kulijua hilo.

Mkataba, namba ya NSSF na nakala ya kitambulisho cha NIDA vimalizwe kabla hajaanza kazi. Chanjo ya homa ya ini B tunaitaja hapa kwa sababu hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Akipata ya kwanza wiki anayoanza, ya pili inaangukia siku ya tathmini yake, na hakuna atakayeisahau.

Sasa turudi kwenye karatasi. Siku ya pili na ya tatu, mtengeeni meza mbali na foleni, mpeni fomu kama 20 za madai yaliyokatwa au kurudishwa katika miezi ya karibuni, na mtu wa bima akae naye. Kazi ni kusoma sababu ya kila fomu kurudi, kisha kujibu swali moja: kosa hili lilizaliwa chumba gani? Anazipanga mafungu: mapokezi, kwa daktari, maabara, dawa, dawati la bima.

Fungu la mapokezi litakuwa na fomu ambayo namba ya uanachama haifanani na ya kwenye kadi, fomu isiyo na namba ya idhini ya siku hiyo, na fomu ambayo mgonjwa hakusaini. Kila moja ilihitaji nusu dakika wakati mgonjwa amesimama pale. Akishaondoka, inahitaji simu kadhaa, na saini huwezi kuipata kwa simu. Mfanyakazi akiliona hilo kwa macho yake, hahitaji kusisitiziwa kwamba visanduku vyote vijazwe.

Fungu la daktari lina funzo jingine, na hapa tunaomba mkae kidogo. Chukueni fomu ambayo msimbo wa ugonjwa ni J06.9, yaani maambukizi ya njia ya juu ya hewa, na kwenye dawa kuna amoksilini na ALu, dawa ya mseto ya malaria. Mkaguzi anaikata ALu, kwa kuwa hakuna malaria kwenye fomu. Ukifungua faili unakuta kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya na daktari alimwambia mgonjwa hivyo, ila hakuandika utambuzi wa pili. Kishawishi cha mtu wa ofisi ni kuongeza B54, malaria, kwa kalamu yake, fomu iondoke. Hapo ndipo pa kumwekea mpaka ulio wazi: utambuzi huandikwa na aliyemwona mgonjwa. Ofisi inairudisha fomu kwa daktari siku hiyohiyo pamoja na majibu ya maabara. Daktari anaandika na kusaini. Mtu wa ofisi akiongeza ugonjwa mwenyewe, hata kama ni kweli mgonjwa alikuwa nao, amefanya jambo ambalo kwa mkaguzi ni udanganyifu, na kituo kizima kinaweza kuingia matatani. Afundishwe kuliona kosa, na afundishwe kutolirekebisha.

Baada ya siku hizo mbili ndipo aende mapokezi. Siku zilizobaki za wiki ya kwanza akae pembeni ya mzoefu na kuangalia. Wiki ya pili wabadilishane viti, mgeni aandike na mzoefu aangalie. Tunatilia mkazo kubadilishana viti, kwa sababu anayeangalia tu huona kazi ni rahisi. Asubuhi ya Jumatatu isitumike kuanzia zoezi hili. Katika vituo vingi hiyo ndiyo foleni ndefu kuliko zote, na mzoefu atamnyang'anya kibodi baada ya mgonjwa wa tatu. Anzeni mchana, foleni ikishapungua.

Ujuzi mkubwa wa mapokezi ni kumtambua mtu. Majina yetu yana miandiko mingi: Fatma na Fatuma, Ali na Ally, Khamis na Hamisi, Zainab na Zainabu, Mohamed na Muhamed. Mfanyakazi mpya anaandika jina zima alivyolisikia, mfumo unamwambia halipo, anafungua faili jipya. Mgonjwa sasa ana mafaili mawili, na kama mzio wake wa penisilini umeandikwa kwenye la kwanza, daktari leo ameshika la pili. Kwa hiyo afundishwe mpangilio wa kutafuta, na aufuate kila mara. Kwanza namba ya simu. Isipopatikana, herufi tatu za mwanzo tu za jina: "Fat" italeta Fatma na Fatuma wote. Herufi tatu hazisaidii kwa Mohamed na Muhamed, hivyo hatua ya tatu ni jina la baba pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Faili jipya linafunguliwa baada ya njia zote tatu kushindwa.

Maswali nayo yana namna yake. Asiulize "Wewe ni Fatuma Ally?", kwa sababu mtu mwenye maumivu, au asiyesikia vizuri, ataitikia tu. Aseme, "Dada, naomba unitajie majina yako matatu," au "Shikamoo mama, naomba majina yako matatu," kisha alinganishe na kilichopo. Na asiishie kuuliza kama ni mara yake ya kwanza. Wengi watajibu ndiyo kwa maana ya tatizo hili jipya, au wamesahau kwamba walikuja miaka mitatu iliyopita. Aulize, "Umewahi kutibiwa hapa, hata zamani? Ulijiandikisha kwa jina gani?" Swali la pili linawahusu sana wanawake walioolewa wanaotumia jina la mume huku kadi ya bima ikiwa na jina la baba, na watoto walioandikwa "mtoto wa Zuhura" kabla hawajapewa jina. Namba ya simu pia inahitaji uangalifu: watoto watatu wanaweza kuwa chini ya namba moja ya mama yao, na faili likivutwa kwa haraka, mdogo anatibiwa kwenye faili la kaka yake.

Umri uandikwe pamoja na kipimo chake. Kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje, tarakimu "2" peke yake haisemi kama ni miezi miwili au miaka miwili, na taarifa ya mwezi inawatenganisha walio chini ya mwezi mmoja, chini ya mwaka, chini ya miaka mitano, na kuendelea. Aandike "miezi 2". Kwenye kitabu hichohicho kuna mahudhurio ya kwanza ya mwaka na marudio. Wapya wengi hudhani ni mgonjwa mpya na mgonjwa wa zamani. La hasha. Mama mliyemtibu kwa miaka mitano, akija Januari mara ya kwanza, anahesabiwa hudhurio la kwanza la mwaka huo. Akirudi Machi, ni marudio. Hili likikosewa, mwisho wa mwezi hesabu ya mahudhurio ya kwanza inakuwa ndogo kuliko ukweli na hakuna anayejua kwa nini.

Kwa wenye kadi ya bima, utaratibu ni kuangalia picha, kuangalia kadi kwenye mfumo, kupata namba ya idhini, na kuandika namba hiyo kwenye fomu kabla mgonjwa hajatoka dirishani. Mambo mawili yatamtikisa. Kuna siku mtu ataleta kadi ya ndugu yake. Asigombane naye wala asipandishe sauti. Amwambie kadi hii tunamhudumia mwenyewe tu, na amwite msimamizi. Msimamizi aje kweli, kwa sababu akiachwa peke yake mara mbili, mara ya tatu ataipokea. Na kuna siku mtandao utakatika. Hapo anaandika saa ulipokatika, anaweka fomu za wagonjwa hao kwenye trei ya peke yake, na kazi ya kwanza mtandao ukirudi ni kutafuta namba zao wakiwa bado wapo kituoni. Fomu hizo zikichanganywa na nyingine, utaziona tena zikirudi kutoka bima.

Wiki ya tatu ni ya fedha. Tunaiweka hapa kwa makusudi: mtu anayefikiria chenji na kutafuta jina kwa wakati mmoja hukosea vyote viwili. Kwa siku tatu za mwanzo apokee fedha akiwa na keshia pembeni, na afunge hesabu mwenyewe jioni.

Kwenye malipo ya simu, kanuni ni kwamba ujumbe unaoaminika ni ule ulioingia kwenye simu au mfumo wa kituo wenyewe wa lipa namba. Ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mgonjwa hautoshi, hata mgonjwa awe mtu mwenye heshima zake. Unaweza kuwa wa kughushi, unaweza kuwa wa jana, au fedha imekwenda namba nyingine kwa kukosea tarakimu.

Jioni ahesabu fedha iliyoko kwenye droo na kuiandika kabla hajaangalia mfumo unasema nini. Akianza na mfumo, atahesabu mpaka apate kile alichokiona. Kisha alinganishe na ripoti ya Z ya mashine ya EFD. Tufanye mfano. Ripoti ya Z inasema shilingi 486,000. Droo ina 341,000, na asubuhi aliwekewa 30,000 za chenji, kwa hiyo mauzo ya taslimu ni 311,000. Lipa namba ina 160,000. Jumla ni 471,000, pungufu ya 15,000.

Sasa atafute. Asianze kwa kuhesabu noti mara ya tano. Aangalie kama 15,000 ni bei ya kitu fulani kwenye orodha ya huduma. Tuseme ni bei ya kipimo kimoja. Anapitia stakabadhi za kipimo hicho na kuwapelekea maabara majina: ni nani hakupimwa? Maabara wanasema mmoja alirudishwa kwa kuwa vitendanishi viliisha saa nane. Mgonjwa alirejeshewa fedha yake taslimu, stakabadhi ikabaki, na hakuna aliyejaza fomu ya marejesho. Fedha haikuibwa, karatasi ndiyo haikuandikwa. Dawa yake ni marejesho yote kuwa na fomu yenye namba ya stakabadhi, sababu, saini ya mgonjwa na saini ya mtu wa pili, na stakabadhi ya awali ibanwe hapohapo. Na maabara waiambie mapokezi kitendanishi kinapokaribia kuisha, kabla fedha haijapokelewa.

Hapa tuna ombi kwa wamiliki. Katika mwezi wa mafunzo msimkate mfanyakazi mpya pungufu ya droo, wala msimwache ajazie mfukoni mwake. Mtu anayelipa pungufu kimyakimya ataanza pia kuweka kando ziada kimyakimya, akiba ya siku mbaya, na tangu hapo namba za jioni zitakuwa zinafanana daima na hazitakuwa na maana. Mnachohitaji ni daftari lenye tarehe, tofauti, na sababu iliyopatikana au neno "haijapatikana". Tofauti za huku na huku zinazopungua wiki hadi wiki ni dalili ya mtu anayejifunza. Hesabu iliyo sawa kabisa kila siku kuanzia siku ya kwanza ichunguzwe.

Wiki ya nne anarudi kwenye dawati la bima, safari hii kuandaa madai ya kweli, zikiwemo fomu alizozianzisha mwenyewe wiki ya pili. Hii ndiyo sababu ni vizuri aanze kazi mwanzoni mwa mwezi: wiki yake ya nne inakutana na kufunga madai. Kama ameanza tarehe 15, kufunga kutamkuta wiki ya pili au ya tatu. Asogezwe pale kwa siku hizo mbili aone, hata kama ratiba ya fedha itachelewa. Mwezi wa madai hauji tena mpaka siku 30 zipite.

Kila fomu aipitie kwa mpangilio mmoja: jina na namba dhidi ya kadi, namba ya idhini, tarehe, utambuzi, vipimo na dawa vinavyoendana na utambuzi, bei dhidi ya orodha ya mfuko, jina na saini ya mtabibu, saini ya mgonjwa. Asiache fomu zilundikane hadi mwisho wa mwezi. Azipitie za jana kila asubuhi, kwa sababu daktari anamkumbuka mgonjwa wa jana na hamkumbuki wa tarehe 3. Kwenye zahanati zenye daktari wa zamu anayekuja siku mbili kwa wiki, fomu zake zipitiwe kabla hajaondoka zamu hiyo.

Siku ya tathmini, msimamizi achukue mafaili 30 yaliyofunguliwa na mfanyakazi huyu, kutoka wiki tofauti, na kwa kila moja atafute kwenye mfumo kwa simu na kwa herufi tatu. Anatafuta nakala, umri usio na kipimo, namba za kadi zilizokosewa. Kisha achukue siku moja na kulinganisha idadi ya wagonjwa kwenye kitabu namba 5, kwenye mfumo, na kwenye jumla ya stakabadhi na fomu za bima. Zikitofautiana, mfanyakazi mwenyewe aeleze kwa nini. Maelezo yake yatawaonyesha kama anaijua njia ya karatasi au amekariri vidole vyake viende wapi kwenye kibodi.

Nakala za mafaili zikiwa bado zinapatikana kwenye kazi ya wiki ya nne, abaki mapokezi na mzoefu wiki mbili zaidi; fedha aendelee nazo, hizo ni ujuzi mwingine. Zikiwa zilikuwa za wiki ya pili tu, apewe zamu yake. Ufunguo wa sefu, haki ya kufuta muamala kwenye mfumo na kuandaa taarifa ya mwezi ya MTUHA vibaki kwa msimamizi hadi mwezi wa tatu, na hilo aambiwe tangu siku anaposaini mkataba, asije akadhani ameshindwa.